Mzigo Ukirudi, Nani Anamlipa Bodaboda?

Wauza nguo wengi wa Dar es Salaam wanaotangaza Instagram huandika chini ya picha: "Lipia ukipokea." Wanajua mteja anaogopa kutapeliwa, kwani wapo waliotuma pesa kwa duka la mtandaoni wasione mzigo wala simu kupokelewa tena. Ahadi hiyo humwondolea mnunuzi hofu, lakini hasara yote ikitokea humwangukia muuzaji.

Chukua mfano wa gauni linalonunuliwa Kariakoo kwa shilingi 27,000 na kuuzwa 35,000. Faida ni 8,000, na nauli ya bodaboda hadi Tegeta, tuseme 5,000, huilipa mteja mzigo ukifika. Bodaboda anafika, simu haipokelewi. Au inapokelewa, na mteja anasema mshahara haujatoka. Muuzaji atalipa 5,000 ya kwenda na pengine 4,000 ya kurudi. Mzigo mmoja uliokataliwa umekula faida ya gauni zima na zaidi. Magauni 10 yakitoka na 3 yakarudi, faida ya 56,000 kwa yale 7 inapungua hadi 29,000. Tena, gauni likiwa barabarani mchana kutwa haliwezi kuuzwa kwa mwingine aliyekuwa tayari na pesa.

Dawa inayofanya kazi ni kuomba nauli kwanza. Gauni lenyewe mteja atalilipia mkononi, baada ya kulikagua, lakini ile 5,000 aitume kabla bodaboda hajawasha pikipiki. Aliyeagiza kwa kujaribu tu hujitoa hapo hapo. Na huyo aliyelipa nauli akilikataa gauni, hasara ya muuzaji inabaki 4,000 badala ya 9,000. Sharti hili lina gharama yake: duka jipya lisilo na sifa litapoteza baadhi ya oda. Ndiyo maana ni haki muuzaji aahidi kuirudisha nauli iwapo nguo haifanani na picha, na aitimize ahadi hiyo.

Mizigo mingine hukataliwa kwa kosa la dukani. Picha iliyokopwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine huficha kitambaa chepesi, na neno "saizi M" halimwambii mtu lolote. Afadhali gauni lipigwe picha lenyewe, na upana wa kifua na kiuno uandikwe kwa sentimita. Asubuhi ya kupeleka mzigo, muuzaji apige simu, maana ujumbe peke yake hautoshi: "Upo leo? Pesa ipo? Nani atapokea?" Jibu la kusitasita linatosha kuuacha mzigo dukani.

Pesa nayo ipite kwenye lipa namba ya duka, isipitie mkononi mwa bodaboda. Mteja akionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, bodaboda asiuachie mzigo. Ujumbe huo unaweza kughushiwa, kwa hiyo asubiri hadi muuzaji aangalie salio lake mwenyewe na kumpigia.