Kubadilisha sura ya kazi ya familia bila kupoteza wanunuzi wa zamani

Katika vikundi vyetu muko wengi wenye kazi iliyoanzishwa na mama mzazi au mama mkwe: butike, atelye ya ushonaji, bulanjeri. Sasa mtoto amekua, amesoma, anataka jina jipya, rangi mpya na kibao kinachopendeza kwenye telefoni. Haki ni yake, kwa sababu vijana wanapita mlangoni bila kuingia. Lakini makuta ya kila siku yanatoka kwa wazee ambao wamenunua hapo miaka 20 au 30. Tuone namna ya kuwapata wale bila kuwafukuza hawa.

Tuchukue mfano wa bulanjeri ya familia, tuseme huko Kadutu, Bukavu. Mlango wake ni wa bluu. Kibao kilifutika zamani, na watu wote wanasema tu "kwa Mama Mikate". Mkate ni mfupi na mzito, unauzwa franka 500, unafungwa ndani ya karatasi. Binti anataka kupaka kuta rangi nyeupe, kuweka jina jipya, na kutia kila mkate ndani ya sasheti yenye picha.

Jambo la kwanza ni kujua wazee wanatambua duka kwa kitu gani. Mara nyingi si kwa kibao. Mzee hasomi kibao, na siku nyingi haji mwenyewe: anamtuma mjukuu. Anamwambia, "Enda kwa Mama Mikate, pale mlango wa bluu, leta mmoja." Ndani ya maneno hayo mna alama zote za duka: jina la mdomo, rangi ya mlango, mkate wenyewe na noti moja ya 500 mkononi mwa mtoto. Hata vitenge vya waksi viko hivyo: kiwanda kinakitoa kitambaa na namba, lakini wamama wa soko ndio wanakipa jina, na mnunuzi anakiulizia kwa jina hilo. Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, binti aketi karibu na meza ya kuuzia juma moja, aandike maneno ambayo watoto na wazee wanasema wanapoomba mkate. Yanayorudi kila siku ndiyo ya kulindwa.

Kampuni kubwa pia zimeumia kwa kusahau jambo hili. Mwaka 2009, huko Amerika, maji ya machungwa ya Tropicana yalipewa pakiti mpya. Maji hayakubadilika. Lakini picha ya chungwa lililochomekwa mrija iliondolewa, na herufi za jina zikageuzwa. Wanunuzi waliotafuta kwa macho hawakuiona pakiti yao. Mauzo yalishuka karibu asilimia 20 ndani ya majuma machache, na kabla ya miezi miwili kwisha kampuni ikatangaza kuirudisha pakiti ya zamani. Kosa lilikuwa kugeuza alama zote kwa siku moja.

Basi kwenye bulanjeri yetu, kuta zipakwe nyeupe lakini mlango ubaki wa bluu. Kibao kipya kiandikwe jina jipya kwa herufi kubwa, na chini yake "Kwa Mama Mikate". Maneno hayo ya chini yasiondolewe mapema. Mukianza kusikia wazee wenyewe wakilitaja jina jipya, hapo munaweza kuyapunguza. Wasipolitaja hata kidogo, yaacheni, hayaharibu kitu.

Sasa sasheti. Tuseme sasheti moja yenye picha inagharimu franka 40, na bulanjeri inauza mikate 400 kwa siku. Ni franka 16 000 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni franka 416 000 kwa mwezi. Nani atalipa? Beyi ikipanda hadi 550, mtoto aliyetumwa na noti moja ya 500 atarudi mikono mitupu. Mkate ukipunguzwa uzito kwa siri, mzee atajua siku ileile, kwa sababu mkono wake umeuzoea, na atakachosema kwa majirani ni kwamba binti anaiba. Njia nzuri ni kuweka vitu viwili pamoja: mkate wa zamani ndani ya karatasi, beyi ileile na uzito uleule, na kando yake mkate mpya, laini, uliokatwa vipande ndani ya sasheti, wenye beyi yake. Vijana wanalipia sasheti yao wenyewe, na hakuna mzee anayelipia picha asiyoihitaji.

Kuna kitu kingine kisichoonekana mlangoni: kaye ya madeni. Wazee wengi wanachukua mkate na kulipa mwisho wa mwezi, na mama anawajua wote kwa uso. Binti akibandika "Hakuna deni" siku ya kufungua duka jipya, amewafunga mlango bila kujua. Mama akae naye mezani miezi miwili au mitatu, saa za asubuhi ambapo wazee wanakuja. Mbele ya kila mmoja aseme, "Huyu ni binti yangu, kaye yako iko kwake sasa." Kama deni linaumiza kazi, wekeni kipimo kwa kila jina, na mama mwenyewe ndiye akieleze.

Mutajuaje kama wazee wanaondoka? Musingoje makuta ya mwezi, kwa sababu vijana wapya wanaweza kuyajaza huku wazee wanapotea kimyakimya. Kabla ya kuanza, andikeni majina 40 ya wanunuzi wa zamani, kisha juma lote mutie alama kila mmoja anaponunua au anapomtuma mtoto. Tuseme 34 walinunua mara tatu au zaidi. Juma la nne baada ya mabadiliko muhesabu tena. Mukikuta 27, kuna 7 wa kutafutwa. Mama aende kuwasalimu nyumbani. Labda wawili ni wagonjwa na mmoja amehama. Wanne waliobaki ndio watakaowafundisha: mmoja alidhani duka limeuzwa, mwingine aliona taa na kioo akafikiri beyi imepanda, wawili walitumiwa mkate wa kwingine na mjukuu aliyepotea njia. Kila jibu lina dawa yake, na yote ni ya gharama ndogo: salamu, ubao wa chaki mlangoni wenye maneno "Mkate wa zamani ni 500 kama zamani", na kumwonyesha mtoto mlango.

Kwa hiyo rangi, kibao na mkate mpya visije pamoja. Acheni majuma manne kati ya kimoja na kingine. Vikija vyote siku moja, hamutajua ni kipi kimewafukuza wale 7.

Mwisho, neno la karatasi. Kama kazi yenu imeandikwa kwenye daftari la biashara na iko na namba ya RCCM, jina jipya la duka lazima litangazwe huko. Sheria ya OHADA inatoa siku 30 tangu badiliko. Fanyeni hivyo kabla fundi hajaanza kuandika kibao, kwa sababu mukikuta jina limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, kibao kitaandikwa mara mbili.