Kikomo cha Kushoto, Kikomo cha Kulia

Mtu aliyebakiza saa moja kutimiza miaka 18, ukimwuliza umri wake, atasema ana 17. Akibakiza dakika moja, bado ni 17. Katiba ya Kenya ya 2010 humtambua kama mtu mzima yule tu aliyefikisha 18, na katika hilo hakuna kukadiria.

Wanahisabati hukata desimali namna hiyohiyo, na kwa kazi hiyo wana alama ⌊x⌋, iliyobuniwa na Kenneth Iverson katika kitabu chake cha 1962. Maana yake ni namba nzima kubwa kuliko zote zisizozidi x. Kwa hiyo ⌊17.99⌋ = 17. Kwenye namba hasi ndipo wengi huteleza: ⌊−2.3⌋ ni −3, wala si −2, kwa kuwa −2 imeizidi −2.3.

Sasa isogelee 18 ukitokea chini: 17.9, 17.99, 17.999. Jibu ni 17 kila mara, na hicho ndicho kikomo cha kushoto. Ukitokea juu, 18.1 kisha 18.01, unapata 18, ambacho ni kikomo cha kulia. Kwa kuwa pande mbili hazikubaliani, hatusemi kwamba ⌊x⌋ ina kikomo pale kwenye 18.

Thamani kamili nayo huleta mgawanyiko wa aina hii. Alama |x−3| hutaja umbali wa x kutoka 3, na umbali hauwi hasi. Gawanya |x−3| kwa x−3: kulia kwa 3 unapata 1, kushoto unapata −1. Penyewe kwenye 3 hakuna jibu, maana ungekuwa unagawanya kwa sifuri.

Utamu upo tunapoziunganisha alama hizi mbili. Tutafute kikomo cha ⌊4−|x−3|⌋ x inapokaribia 3. Mwenye haraka ataweka 3 mahali pa x, apate 4, afunge daftari. Amekosea. Jaribu 2.9: umbali ni 0.1, ndani inabaki 3.9, ukikata desimali ni 3. Jaribu 3.1: umbali ni uleule 0.1, na jibu ni 3 tena. Hata ukiikaribia 3 kiasi gani, umbali huo mdogo bado unapunguzwa kutoka 4, hivyo kilichomo ndani huikaribia 4 kutoka chini bila kuifikia. Pande zote mbili zinatoa 3, basi kikomo kipo na ni 3, ingawa penyewe kwenye 3 thamani ni 4.

Badilisha alama ya kutoa iwe ya kujumlisha, ⌊4+|x−3|⌋, na kikomo kinakuwa 4, kwa sababu safari hii ndani tunashuka kuelekea 4 kutoka juu.

Kwa hiyo ukikutana na swali la namna hii kwenye mtihani, kabla ya kukata desimali angalia kwanza kilichomo ndani kinaifikia namba nzima kikitokea chini au juu, na ukague kila upande peke yake.