Baba Paroko, Nataka Kubatizwa

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko. Mimi ni mama wa miaka 34, sijawahi kuwa na dini. Naomba kubatizwa kabla ya Krismasi. Nianzie wapi?"

Mapadre wa Kikatoliki wanazijua barua za namna hii. Mama huyu wa mfano ataambiwa asubiri, maana ubatizo wa mtu mzima kwa kawaida hufanyika usiku wa Mkesha wa Pasaka, baada ya mafundisho yanayoweza kuchukua mwaka au zaidi.

Zamani subira ilikuwa ndefu zaidi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alitaka watu wafundwe miaka minne. Huko Buganda mateso yalipoanza, hesabu hiyo haikuwezekana: Karoli Lwanga alibatizwa Novemba 1885, na Mei 1886, kifo kikiwa mlangoni, yeye mwenyewe akambatiza kijana Kizito. Hadi leo, mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza kwa maji.

Paroko ataanza kwa kuuliza: umewahi kubatizwa? Aliyebatizwa kwa Walutheri au Waanglikana habatizwi tena. Analeta cheti chake, anafundishwa, anakiri imani, kisha anapewa Kipaimara na Ekaristi.

Swali la pili ni ndoa, na hapa ndipo wengi hukwama. Mume asiye Mkristo si kizuizi peke yake. Lakini akiwa na mke mwingine, au mmoja wao aliwahi kufunga ndoa kwingine, suala hilo hutatuliwa kwanza, na wakati mwingine hupelekwa hadi jimboni. Kuna wanaolificha kwa aibu, likaibuka Kwaresima imeshaanza. Hapo Pasaka ya mwaka huo imempita.

Njia ikiwa nyeupe, mama anakabidhiwa kwa katekista. Siku ya kupokelewa kuwa mkatekumeni anaandikwa alama ya msalaba kwenye paji la uso. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima jina lake linatajwa miongoni mwa wateule, na Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano anaombewa atakaswe. Usiku wa Mkesha anapokea vyote kwa mkupuo: maji, krisma ya Kipaimara, kisha Komunyo ya kwanza. Wengi waliobatizwa utotoni hushangaa kuona hivyo, maana wao walipewa kwa miaka tofauti.

Anahitaji pia mdhamini, Mkatoliki mwenye Kipaimara, aliyetimiza miaka 16 na asiye mzazi wake. Mimi ningemshauri achague jirani wa jumuiya yake ndogondogo kuliko tajiri wa mbali atakayeonekana siku ya picha tu.

Kwa hiyo ukiandika barua yako, taja mambo mawili mapema: kama umewahi kubatizwa na wapi, na hali ya ndoa yako ilivyo. Tarehe muachie paroko.