Boksi Jeupe la Chipsi: Kilo Haitoshi Kulipa Dizeli

Mwokota chupa wa Geita huliruka boksi jeupe la chipsi kwa sababu chupa huuzwa kwa kilo, na boksi hili karibu lote ni hewa. Ni polistireni iliyoumuliwa kwa gesi. Tuchukue boksi la gramu 6 ambalo likifungwa lina ujazo wa lita 2.8. Kenta yenye nafasi ya mita za ujazo 15 itajaa maboksi kama 5,350, na mzigo wote hautafika kilo 33. Hata akipatikana mnunuzi Dar es Salaam, safari inapita kilomita 1,000. Plastiki hiyo haiwezi kulipa dizeli.

Zipo mashine za kulibana povu hilo mpaka liwe tofali zito, lakini zinataka povu safi na kavu. Boksi la chipsi limelowa mafuta na pilipili, na kuliosha ni ghali kuliko plastiki yenyewe. Ndiyo maana hata penye mashine hizo, povu linalokaribishwa zaidi ni lile la kufungia televisheni na friji. Katazo lililoanza 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea, si maboksi haya. Kwa hiyo yanachomwa na kutoa moshi mzito wa masizi, au yanamegeka punje zinazopeperuka hadi mitaroni.

Mama lishe anayeuza kwenye maduara ya wachimbaji ana nafasi ambayo muuzaji wa stendi hana: wateja wake ni walewale kila siku. Huyo namshauri bakuli gumu la plastiki lenye mfuniko na namba 5 chini yake, kwa amana, kama dukani tunavyoacha pesa ya chupa ya soda. Tuseme bakuli ni shilingi 2,500, boksi ni 150, na maji na sabuni ni 30 kwa kila bakuli. Kila mlo unaokoa 120, hivyo bakuli limejilipa likifika mlo wa 21. Maji yakinunuliwa kwa madumu, gharama ya kuosha hupanda na siku za kujilipa huongezeka. Amana ikiwa ndogo kuliko bei ya bakuli, mabakuli yataisha kabla ya kujilipa.

Kwenye mialo kuna hatari nyingine, nayo ni zebaki. Bakuli lililoshika zebaki halirudi jikoni hata likisuguliwa vipi, na lisipakuliwe tena chakula. Mama lishe achague rangi moja ya mabakuli, na akubaliane na wateja mapema kwamba hayaingii kwenye kazi ya dhahabu.

Abiria wa stendi ya Kahama harudishi bakuli. Huyo chipsi zake kavu zinatosha kwenye mfuko wa karatasi safi isiyo na wino. Wali wenye mchuzi unahitaji chombo cha foili chenye mfuniko wa karatasi ngumu. Bei yake iko juu ya boksi, na muuzaji aitaje tofauti hiyo waziwazi kabla ya kupakua.