Aseniki Haiondoki kwa Kuchemsha Maji

Ukichota maji ya pampu hapa Ediofe na kuyachemsha, umeua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kama maji hayo yana aseniki, haikupungua. Mvuke umetoka, sumu imebaki sufuriani, na kila lita iliyosalia ina sumu zaidi kuliko mwanzo.

Aseniki hutoka mwambani. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Mara, Tanzania, imefungwa ndani ya madini ya chuma na salfa yanayoandamana na dhahabu. Hewa ikiyafikia madini hayo, kwa nyufa au kwa uchimbaji, huoza na kuachia sumu majini. Bangladesh mambo yalikwenda kwa njia nyingine: aseniki iliganda kwenye kutu ya chuma katika matope ya mito, na chini kusikofika hewa bakteria wakaiyeyusha kutu hiyo. Visima vilichimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970 ili kuwaepusha watu na kuhara. Sumu ikagunduliwa mwaka 1993.

Haina rangi, harufu wala ladha. Maji mekundu ya pampu huonyesha chuma tu, na maji maangavu hayathibitishi usalama. Madhara nayo huchelewa, mara nyingi miaka mitano au zaidi: madoa meusi na meupe mwilini, viganja na nyayo kuota sugu, baadaye saratani ya ngozi, kibofu au mapafu, na maradhi ya moyo. Hakuna dawa inayotegemewa ya kuyafuta. La kwanza ni kuacha maji hayo.

Kwa hiyo pampu ipimwe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita. Tuseme yako imetoa 80. Chujio linaloondoa asilimia 80 litakuachia 16, bado juu ya kikomo. Tena machujio yanayonasa aseniki hujaa, na yakishajaa maji hupita na sumu yake bila kubadilika sura, hivyo yanayotoka yapimwe mara kwa mara.

Mimi ningeanza na pampu ya jirani. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, na Bangladesh pampu zilipakwa rangi: nyekundu ya hatari, kijani ya salama. Ile nyekundu haikung'olewa, kwa sababu aseniki hupenya ngozi kidogo mno. Kuoga na kufua hakuna shida. Cha kubadilisha ni maji ya kunywa na kupikia.

Kama jirani naye hana salama, yapo ya mvua. Watu sita wakitumia lita tano kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 2,700 kuvuka siku 90 za kiangazi. Bati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 25 ikinyesha, hukusanya takriban lita 600 baada ya upotevu. Mvua tano za namna hiyo hujaza tangi la kiasi hicho, mradi maji ya kwanza yanayoosha bati yamwagwe. Hayo ya mvua ndiyo ya kuchemsha.