Umeokota mkoba wenye donge nono, hukumpigia simu mwenyewe: je, zawadi ni yako?

Mfanyabiashara wa Darajani amesahau mkoba kwenye daladala ya Paje. Ndani yake mna pasipoti, hati ya shamba na vitabu vya hesabu. Jioni hiyo anabandika karatasi kituoni Kijangwani na kutuma tangazo hilo hilo kwenye magrupu ya WhatsApp: "Atakayeuleta mkoba huu dukani kwangu Darajani atapewa shilingi 300,000."

Kijana mmoja wa Jambiani analiona tangazo kwenye simu yake. Hapigi simu, hajibu ujumbe. Asubuhi anakwenda Paje, anawauliza makonda mmoja mmoja, anaupata mkoba kwenye banda la fundi alikoachiwa na dereva. Anapanda gari hadi mjini na kuukabidhi dukani.

"Ahsante sana mwanangu, Mungu akubariki," anasema mwenye duka, kisha anatoa noti mbili za elfu kumi. Kijana anauliza kuhusu zile laki tatu. "Laki tatu zipi? Mimi na wewe tulikubaliana lini? Hukunipigia simu, hatujaandikiana kitu."

Mfano huu ni wa kubuni, ila mabishano ya namna hii ni ya kawaida. Na wengi wakisikia hoja ya mwenye duka huona ina mantiki: mkataba ni watu wawili kukubaliana, sasa hawa wamekubaliana wapi? Kisheria, hata hivyo, mwenye duka anadaiwa.

Kutenda ndiko kukubali

Mikataba mingi ni ya ahadi kwa ahadi. Huyu anaahidi kuuza, yule anaahidi kulipa, na kila mmoja lazima asikie "ndiyo" ya mwenzake. Tangazo la zawadi si hivyo. Mtoa tangazo hamwombi mtu amwahidi chochote. Anataka kitu kifanyike: mkoba uletwe, mtoto apatikane, mwizi akamatwe. Ni ahadi ya upande mmoja, na anayefanya kilichotakiwa huwa ameikubali kwa kitendo chake.

Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, ina asili yake katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa huku enzi za Waingereza. Tanzania Bara nayo ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yenye mizizi hiyo hiyo. Kifungu cha 8 cha sheria ya India, kama kilivyo kifungu cha 8 cha sheria ya Bara, kinasema kwamba kutimiza masharti ya pendekezo ni kulikubali pendekezo hilo. Hakitaji barua wala simu.

Kesi inayofundishwa zaidi kuhusu jambo hili ilitokea London. Mwaka 1891 kampuni moja ilitangaza kwenye magazeti kifaa cha kuvuta dawa puani, ikiahidi pauni 100 kwa yeyote atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama ilivyoelekezwa, kisha akapata mafua makali. Ili watu waamini, ilisema imeweka pauni 1,000 benki. Bibi Carlill alinunua, akatumia kwa karibu miezi miwili, na mafua yakampata.

Kampuni ilikataa kulipa. Moja ya hoja zake ilikuwa ile ile ya mwenye duka wetu: mama huyu hakututaarifu kwamba amekubali. Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa iliitupa hoja hiyo. Jaji Bowen alitoa mfano wa mtu aliyetangaza zawadi kwa atakayemletea mbwa wake aliyepotea. Hakuna anayetegemea kwamba kila mtafutaji atakaa chini amwandikie barua kwanza kumjulisha kuwa amekubali. Anayemleta mbwa amekwishakubali.

Kwa maneno mengine, mtoa tangazo mwenyewe ndiye aliyesamehe kupewa taarifa, kwa namna alivyoliandika tangazo lake. Kama angetaka kupigiwa simu kwanza, angeliandika sharti hilo.

Lakini lazima uwe umelijua tangazo

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kutompa taarifa mwenye tangazo si tatizo. Kutolijua tangazo ni tatizo, tena kubwa.

Mwaka 1913 Mahakama Kuu ya Allahabad nchini India ilisikiliza kesi ya Lalman Shukla. Mtoto wa familia aliyoifanyia kazi alitoroka nyumbani Kanpur, naye akatumwa kwenda kumtafuta. Alipokuwa safarini, tajiri wake alitoa vipeperushi akiahidi rupia 501 kwa atakayempata mtoto. Lalman alimkuta mtoto mji wa Rishikesh, akamrudisha. Baadaye alizidai rupia hizo, akashindwa. Alipompata mtoto hakuwa akijua kuwa kuna zawadi, na mtu hawezi kukubali asichokijua. Tena alikuwa akitimiza kazi aliyokwisha kutumwa.

Wanaojua fiqhi hawatashangaa. Ahadi ya aina hii inaitwa juala, na kwa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Zanzibar, aliyerudisha kitu bila kusikia tangazo hana haki ya kudai ujira uliotajwa. Hata hivyo madai kama haya hayaendi kwa Kadhi, ambaye hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mengine ya familia. Yanakwenda mahakama za kawaida.

Kwa hiyo lau kijana wa Jambiani angeuokota mkoba Jumatatu na kuurudisha siku hiyo hiyo kwa wema wake, kisha Jumanne akaliona tangazo, angebaki na shukrani tu. Zile elfu ishirini zingekuwa hisani, si deni.

Sharti lisomwe kama lilivyoandikwa

Jambo la tatu ni kutimiza sharti lenyewe. Mfano wa Zanzibar ni wa Agosti 2013, baada ya wasichana wawili wa Kiingereza kumwagiwa tindikali Mji Mkongwe. Ilitangazwa zawadi ya shilingi milioni 10 kwa taarifa zitakazowezesha wahalifu kukamatwa.

Tangazo la namna hiyo lina uzito katika neno "zitakazowezesha". Mtu anayekwenda kituoni na fununu za barazani ametoa taarifa, lakini hajatimiza sharti. Aliyetoa taarifa ikasaidia watu kukamatwa ndiye anayeweza kusimama na kudai. Na aliyekuwa ameshaeleza anachokijua kabla zawadi haijatangazwa yuko katika hali ya Lalman.

Hata hivyo mahakama haziangalii neno moja moja kwa ukali uliopitiliza. Mwaka 1925 Mahakama hiyo hiyo ya Allahabad iliamua kesi ya Har Bhajan Lal. Baba mmoja aliahidi rupia 500 kwa atakayempata mwanawe na kumleta nyumbani. Har Bhajan Lal, aliyekuwa amelisoma tangazo, alimkuta kijana mji wa Bareilly, akampeleka polisi wa reli na kumpigia baba simu ya maandishi. Baba alikuja, akamchukua mwanawe, akakataa kulipa: "Hukumleta nyumbani." Mahakama ilisema sharti limetimizwa kwa kiini chake. Baba alikuwa amekwishapata alichokitaka.

Je, mwenye tangazo anaweza kubadili mawazo?

Anaweza, mradi awahi. Pendekezo linaweza kufutwa kabla halijakubaliwa. Tangazo likiondolewa wakati bado hakuna aliyetimiza sharti, anayekuja baadaye akijua limefutwa hana cha kudai. Lakini kulifuta moyoni hakutoshi. Aliyetangaza Kijangwani na kwenye magrupu anapaswa kutangaza huko huko kwamba zawadi haipo tena. Na mkoba ukishatua dukani, amechelewa.

Hatari iko kwa aliye katikati ya safari: amekwishalipa nauli, amekwishapoteza siku, mara tangazo linafutwa. Maneno ya sheria yanamlinda zaidi aliyemaliza kuliko aliyeanza. Hapa ndipo simu inapokuwa na faida. Si kwa sababu bila simu hakuna mkataba, ila kwa sababu mwenye mali akijibu "njoo nao, pesa yako ipo", itakuwa vigumu kwake kugeuka.

Ushahidi ni upi?

Anayedai lazima athibitishe mambo matatu: tangazo lilikuwepo, alilijua kabla ya kutenda, na alitimiza sharti. Kwa simu za leo si kazi kubwa. Picha ya karatasi iliyobandikwa, au picha ya kioo cha simu yenye tarehe ya ujumbe, inathibitisha mawili ya mwanzo. Kwa la tatu, bora kukabidhi mbele ya shahidi au kupata maandishi mafupi ya mapokezi.

Sheria ya India, kifungu cha 168, inakwenda mbali zaidi. Aliyeokota mali iliyopotea hawezi kushtaki kudai malipo ya usumbufu wake tu. Lakini pale mwenye mali alipotangaza zawadi maalumu, mwokotaji anaweza kuishtakia zawadi hiyo, na anaweza kuizuia mali hadi alipwe. Kuzuia, lakini, si kuficha. Anayekaa na mkoba wa mtu kimya kimya anaweza kujikuta akieleza polisi kwa nini asihesabiwe mwizi. Njia salama ni kumwambia mwenyewe wazi kwamba mali iko, na pengine makabidhiano yafanyike mbele ya sheha.

Tukirudi Darajani, kijana aliliona tangazo kabla hajaondoka nyumbani, na ujumbe bado umo kwenye simu yake. Tangazo halikuwa limefutwa. Lilisema "atakayeuleta dukani", naye ameuleta dukani. Swali la "tulikubaliana lini" lina jibu: walikubaliana pale mkoba ulipowekwa juu ya meza. Elfu ishirini imeshalipwa, na kijana anadai laki mbili na elfu themanini zilizobaki.