Hundi ya Muda Inayouzwa Benki Kabla ya Siku Yake

Mfanya biashara wa mifugo wa Garissa auzapo ng'ombe kwa mwenye bucha wa Nairobi, pengine halipwi papo hapo. Tuseme bei ni Sh. 600,000. Muuzaji huandika hati ya kumwagiza mnunuzi alipe fedha hizo baada ya siku 90, na mnunuzi hutia sahihi juu yake kwamba amekubali. Hati hiyo ndiyo hundi ya muda. Pasipo sahihi ile, haimfungi mnunuzi.

Zikiisha pita siku 17, muuzaji akahitaji fedha za kununulia mifugo mingine, aweza kutia sahihi yake nyuma ya hundi na kuiuza benki. Zimesalia siku 73. Benki ikitoza asilimia 12 kwa mwaka, itakata Sh. 14,400 na kumpa Sh. 585,600. (Waislamu wengi huhesabu makato hayo kuwa riba, nao hujiepusha nayo.)

Lakini shughuli haijamwishia. Siku ya malipo ikifika na mnunuzi asilipe, benki itamgeukia yeye, naye atadaiwa Sh. 600,000 kamili pamoja na gharama, wala si zile alizopokea tu. Kwa hiyo hundi hiyo na ibaki katika daftari lake kama deni liwezalo kumrudia, mpaka mnunuzi awe amelipa. Benki nayo yapasa kumpa taarifa upesi kwamba hundi haikulipwa. Ikichelewa pasipo udhuru, sheria yaweza kumwondolea dai hilo.